Uteuzi wa Lango la Malipo kwa Nyumba ya Wageni Kamachumu: Makato, Muda wa Kupokea Fedha na Sarafu ya Malipo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna nyumba ndogo ya wageni iliyoko Kamachumu, wilayani Muleba, inavyoweza kuteua lango la malipo. Lango la malipo ni huduma inayopokea fedha za mteja kutoka kwenye kadi au pesa za simu na kuzifikisha kwenye akaunti ya mfanyabiashara. Hoja kuu ni kwamba asilimia ya makato inayotangazwa si kipimo cha kutosha. Kinachostahili kulinganishwa ni kiasi kinachofika mkononi, siku kinapofika na sarafu kinakofika nayo. Viwango vya mfano ulio hapa chini ni vya kukisia kwa ajili ya ukokotoaji, wala si bei za kampuni yoyote.

2.0 Sarafu ya Malipo

Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazotolewa nchini. Hivyo, chumba cha Kamachumu hutajwa bei kwa shilingi hata kama mgeni ametoka Ulaya. Mgeni huyo anaweza kulipa kwa kadi yake ya kigeni, na benki iliyotoa kadi hubadilisha fedha zake. Ubadilishaji huo wa kwanza haumhusu mwenye nyumba.

Tatizo huanza pale lango linapomlipa mwenye nyumba kwa dola. Shilingi hugeuzwa kuwa dola, kisha benki yake huzigeuza tena kuwa shilingi ili alipe mishahara, ndizi na sato. Kila hatua ina pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, na pengo hilo halionekani kwenye orodha ya makato.

Ichukuliwe kwamba wageni 10 wamelipa shilingi 260,000 kila mmoja, jumla 2,600,000. Lango A linakata asilimia 3.5 na kulipa kwa shilingi. Makato ni 91,000, na gharama ya kuhamisha fedha ni 10,000. Mwenye nyumba anabaki na 2,499,000. Lango B linakata asilimia 2.9 tu, yaani 75,400, na kubakiza 2,524,600. Hata hivyo, pengo la asilimia 1.5 la kugeuza kuwa dola linaacha thamani ya 2,486,731, na pengo la asilimia 1 la kurudi kwenye shilingi linaacha 2,461,864. Baada ya gharama ileile ya kuhamisha, kinachofika ni 2,451,864. Lango lililoonekana rahisi limempunja mwenye nyumba shilingi 47,136. Katika mfano huu, B lingekuwa na nafuu iwapo mapengo yote ya ubadilishaji kwa pamoja yasingezidi takribani asilimia 0.6.

3.0 Muda wa Kupokea Fedha

Ahadi ya kulipa "siku ya kazi inayofuata" husomwa pamoja na saa ya mwisho ya kufunga hesabu. Mgeni akilipa Ijumaa jioni baada ya saa hiyo, malipo yake huhesabiwa kuwa ya Jumatatu na fedha hufika Jumanne. Kwa nyumba inayouza 130,000 kwa siku, lango linalolipa kila baada ya siku 7 hushikilia hadi 910,000. Kiasi hicho ni mtaji ambao mwenye nyumba hana budi kuutafuta kwingine ili jiko liendelee kuwaka.

Aidha, fedha ya kadi iliyokwisha kupokewa inaweza kudaiwa tena. Katika aina nyingi za madai, mitandao ya Visa na Mastercard humpa mwenye kadi hadi siku 120 kupinga malipo kupitia benki yake. Kwa hiyo fomu ya kuingia yenye saini, pamoja na masharti ya kughairi aliyoyakubali mgeni, yapaswa kutunzwa katika kipindi chote hicho.

4.0 Malipo ya Pesa za Simu

Kwa pesa za simu, lango hutuma ombi kwenye simu ya mteja, naye huthibitisha kwa namba ya siri. Hitilafu ya kawaida ni mteja kukatwa fedha ilhali taarifa ya uthibitisho haikulifikia lango kwa sababu mtandao ulikatika. Dalili yake ni ujumbe wa makato kwenye simu ya mteja, huku oda ikisomeka kuwa inasubiri. Mhudumu asimwombe mteja alipe mara ya pili. Kwanza aulize hali ya muamala kwa namba ya kumbukumbu. Lango lisilotoa njia ya kuuliza hivyo halifai, hata makato yake yakiwa madogo.

5.0 Hitimisho

Uteuzi huanza kwa kuthibitisha kuwa mtoa huduma ana leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Kisha kila lango lijaribiwe kwa muamala mmoja mdogo wa kadi na mmoja wa simu, na kiasi kilichofika benki kigawanywe kwa kiasi alicholipa mteja. Uwiano huo, pamoja na tarehe ya kufika, ndio msingi wa ulinganisho. Nyumba yenye matumizi halali ya dola nje ya nchi yaweza kufikia uamuzi tofauti, kwa kuwa haitalazimika kuzigeuza tena kuwa shilingi.