Namba Inayojificha Nyuma ya Kosa Lake

Tuchukue daftari la mfugaji mmoja anayepeleka maziwa kila asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia. Karani wa kituo ameingiza lita za siku 12 kwenye Excel, safu ya B, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 13: 12, 11, 13, 12, 12, 14, 2, 13, 12, 12, 11, 130. Hata asiyejua hesabu ataishtukia ile 130, kwa kuwa hakuna ng'ombe wawili wa kawaida wanaoweza kutoa maziwa hayo kwa mkamuo mmoja. Karani alikusudia kuandika 13.0, nukta ikamponyoka.

Lakini daftari la kituo kizima lina wafugaji mamia na siku tele, na macho huchoka. Hapo ndipo inapotumika kanuni moja ya zamani: tafuta wastani wa safu, tafuta mkengeuko sanifu wake, kisha tia alama kila namba iliyo mbali na wastani kwa zaidi ya mikengeuko miwili, juu au chini. Mkengeuko sanifu ni kipimo cha namna namba zinavyotawanyika. Unachukua tofauti ya kila namba na wastani, unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha zote, unagawanya kwa idadi ya namba ukiondoa moja, halafu unatafuta kipeuo cha pili. Excel hufanya yote hayo kwa STDEV.S. Kwenye seli ya C2 karani anaandika:

```
=IF(ABS(B2-AVERAGE(B$2:B$13))>2*STDEV.S(B$2:B$13),"KAGUA","")
```

kisha anaivuta fomula hadi chini. Alama za dola zina kazi yake: bila hizo, safu inayopimwa ingeteremka pamoja na fomula, na kila mstari ungehukumiwa kwa wastani tofauti.

Neno KAGUA linatokea mbele ya 130 peke yake. Karani anaweza kuridhika akafunga kompyuta, na hapo ndipo angekosea, maana kuna ile 2 ya siku ya saba. Mfugaji aliyezoea kuleta lita 12 akaleta mbili tu, na kanuni imekaa kimya. Kwa nini?

Tazama mipaka yenyewe. Kwa sababu ya 130, wastani wa safu umepanda hadi lita 21.2, ilhali katika siku 11 kati ya 12 mfugaji hakufikisha hata 15. Mkengeuko sanifu nao umevimba hadi 34.4. Mara mbili yake ni 68.8, kwa hiyo mpaka wa juu ni takriban lita 90 na wa chini ni lita 47.6 chini ya sifuri. Hakuna mfugaji anayeweza kuleta maziwa pungufu ya sifuri, kwa hiyo upande wa chini kanuni haina meno kabisa. Ni kama kesi ambayo mshtakiwa ameketi miongoni mwa mahakimu: 130 imesaidia kuweka kipimo ambacho namba zote, yenyewe ikiwamo, zinapimwa kwacho.

Dawa ya kwanza ni kurudia. Karani anafungua kitabu cha stakabadhi, anathibitisha kwamba siku ile zilikuwa lita 13, anasahihisha, na fomula inajihesabu upya. Sasa wastani ni 11.4, mkengeuko 3.1, na mipaka ni takriban 5.2 na 17.6. Safari hii KAGUA inaruka hadi kwenye ile 2. Stakabadhi inaonyesha kwamba lita zilikuwa mbili kweli, na mfugaji akiulizwa atasema ng'ombe mmoja alikuwa mgonjwa wa kiwele na maziwa yake hayakupelekwa. Namba hiyo inabaki kama ilivyo. Kuifuta kwa sababu tu imetiwa alama kungemwonyesha mfugaji kama mtu asiyepata tatizo lolote, na mtaalamu wa mifugo angekosa habari aliyoihitaji.

Dawa hiyo hufanya kazi pale kosa kubwa linapokuwa moja. Tuseme karani alikuwa na haraka, akapoteza nukta siku tatu: 14 ikawa 140, 12 moja ikawa 120, na ile 130 bado ipo. Wastani unafika 40.7, mkengeuko 54.1, na mpaka wa juu unakuwa karibu 149. Namba zote tatu zinapita bila alama hata moja. Yaani makosa yanapoongezeka, kanuni inazidi kuwa kipofu. Safu isiyo na KAGUA yoyote inaweza kuwa safi, na inaweza pia kuwa imeharibika vibaya. Njia rahisi ya kutofautisha ni kuangalia mkengeuko wenyewe: ukiwa mkubwa kuliko wastani kwenye safu ambayo siku zote hufanana, kuna jambo.

Ndiyo maana wengi wanaosafisha takwimu huacha wastani wakashika mediani, yaani namba inayokaa katikati ukizipanga zote kutoka ndogo hadi kubwa. Katika safu hii yenye makosa matatu, mediani ni 12 tu, maana 140 haina nguvu ya kuivuta kuliko ambayo 15 ingekuwa nayo. Kisha unatafuta umbali wa kila namba kutoka 12, unapanga umbali huo nao, unachukua wa katikati: ni 1. Huzidishwa kwa 1.4826 ili ulingane na mkengeuko sanifu wa kawaida. Mara mbili yake ni karibu 3, hivyo mipaka ni 9 na 15, na namba zote nne, 2, 120, 130 na 140, zinakamatwa kwa mkupuo mmoja.

Kuna njia nyingine ya kukwepa tatizo hili, nayo mama wengi wameiona kliniki bila kuijua. Mtoto huhesabiwa kuwa amedumaa urefu wake ukiwa chini ya mikengeuko miwili kutoka kipimo cha umri wake. Ila kipimo hicho hakitoki kwenye daftari la kliniki yenyewe. Kinatoka kwenye viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilivyotokana na watoto wa nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Hata kijiji kizima kikiwa na watoto waliodumaa, kipimo hakisogei.

Anayebaki na wastani wa safu yake mwenyewe ajue mambo mawili ya idadi. Safu yenye namba 1,000 zilizotawanyika kwa mpangilio wa kawaida itatoa alama kama 45 hata kama hakuna kosa lolote, kwa hiyo wingi wa KAGUA si ushahidi wa uzembe wa karani. Upande wa pili, ukitumia STDEV.S, umbali mkubwa kabisa ambao namba inaweza kuwa nao kutoka wastani ni idadi ukiondoa moja, ugawanye kwa kipeuo cha pili cha idadi. Kwa namba tano, hiyo ni mikengeuko 1.79. Ukiweka 12, 12, 12, 12 na milioni moja, fomula haitasema kitu. Mwenye mistari mitano basi asiisumbue Excel. Azisome kwa macho.