Bei ya Nyumba na Fedha Zinazohitajika

Ndugu na mama zetu wengi hujiwekea akiba mpaka itimie bei waliyokubaliana na muuzaji, kisha hushangaa kuwa hazitoshi. Tuchukue mfano wa kukadiria: nyumba ya Mji wa Kale yenye hati miliki, iliyokubaliwa kuuzwa kwa shilingi 5,000,000.

Gharama kubwa kupita zote ni ushuru wa stempu. Kisiwani Mombasa, kwa kuwa ni mji, kiwango chake ni asilimia 4, na mlipaji ni mnunuzi. Hapa ndipo hesabu za wengi huharibika. Ushuru hautozwi kwa bei mliyoandikiana pekee. Mthamini wa serikali huikadiria mali, na kiasi kilicho kikubwa zaidi ndicho kinachofuatwa. Kwa bei yetu, ushuru ungekuwa 200,000. Mthamini akiikadiria nyumba kuwa 6,000,000, utakuwa 240,000. Basi kuandika bei ndogo kuliko iliyolipwa si udanganyifu tu, bali hakufai kitu. Ni vyema kumlipa mthamini binafsi kabla ya kutia saini, ili mjue mapema thamani inaelekea wapi. Tuseme atachukua 30,000.

Pili ni wakili wa mnunuzi. Kwa mali isiyozidi milioni 5, kiwango kilichowekwa ni asilimia 2, yaani 100,000, na juu yake asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani: jumla 116,000. Gharama za upekuzi wa hati na usajili ni ndogo, tuziwekee 10,000. Ukijumlisha pamoja na ushuru wa 240,000, mnunuzi ahitaji takriban 396,000 juu ya bei. Malipo ya awali ya asilimia 10, yaani 500,000, hayaongezi gharama, kwani ni sehemu ya bei yenyewe.

Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, nayo ni asilimia 15 ya faida. Malimbikizo ya kodi ya ardhi ya kaunti nayo yaandikwe katika mkataba kuwa ni juu yake, kwani bila cheti cha kutodaiwa uhamisho hukwama.

Mji wa Kale una jambo lake. Mara nyingi hati ingali kwa jina la babu aliyefariki. Hapo mirathi hutangulia: warithi wote watambuliwe, wa kike kwa wa kiume, na hati ihamishiwe kwao au kwa msimamizi wa mirathi kabla ya kuuzwa. Saini ya ndugu mmoja haitoshi. Na ikiwa nyumba ni wakfu, haiuziki, hata ikitolewa kwa bei nafuu namna gani. Kwa hivyo upekuzi wa hati ufanywe kwanza, kabla hata ya shilingi moja ya malipo ya awali kutoka mkononi.