Wafuasi Wengi, Wanunuzi Wachache: Vipimo vya Mapato katika Mitandao ya Kijamii

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwa nini idadi ya wafuasi katika mitandao ya kijamii si kipimo cha kutegemewa cha mapato. Mnamo 2019, kijana mmoja wa Marekani aliyekuwa na wafuasi zaidi ya milioni 2 katika Instagram alishindwa kuuza fulana 36 alizotakiwa kuuza ili kampuni ikubali kuzitengeneza. Je, umati ule ulikuwa wapi?

Idadi ya wafuasi ni limbikizo la miaka. Ndani yake mna akaunti zilizotelekezwa, akaunti zilizonunuliwa, na watu waliofuata kwa sababu ya kichekesho kimoja kisha wakasahau. Aidha, mtandao hauwaonyeshi wafuasi wote kila chapisho, huchagua. Kwa hivyo swali la kwanza ni watu wangapi waliofikiwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mchapishaji anauza diwani kwa shilingi 500 na anawatumia watangazaji wawili. Wa kwanza ana wafuasi 80,000. Chapisho lake liliwafikia watu 6,000, likapendwa na 900, wakabofya kiungo cha duka 30, wakanunua 3. Wa pili ana wafuasi 4,000. Alifikia watu 2,500, akapendwa na 150 tu, wakabofya 100, wakanunua 12. Wa kwanza ameleta shilingi 1,500, wa pili 6,000.

Tazama kwamba hata kupendwa kumetudanganya: asilimia 15 ya waliofikiwa kwa wa kwanza, asilimia 6 kwa wa pili. Kupenda hakumgharimu mtu chochote. Ni kama kupiga makofi. Waliobofya wakanunua nao hawatofautiani sana, asilimia 10 na 12. Tofauti kubwa imo katika hatua ya kati: waliobofya ni asilimia 0.5 ya waliofikiwa kwa wa kwanza, na 4 kwa wa pili. Vitendo vinavyomgharimu msomaji kidogo, yaani kubofya, kulihifadhi chapisho, kumtumia rafiki, au kuuliza bei, ndivyo vinavyokaribia mfuko wake. Maoni yahesabiwe kwa tahadhari, kwani matusi nayo ni maoni.

Ili kujua nani ameleta nani, kila mtangazaji apewe msimbo wake wa punguzo au, hapa Kenya, nambari yake ya till ya M-Pesa. Kisha mapato yagawanywe kwa kila watu 1,000 waliofikiwa: hapa ni shilingi 250 dhidi ya 2,400.

Hata hivyo, wanunuzi 3 ni wachache mno; mmoja akiongezeka, hesabu inapanda kwa thuluthi. Heri machapisho kadhaa yapimwe kabla ya kutoa uamuzi. Isitoshe, msimbo hauwezi kumtenga msomaji ambaye angekinunua kitabu hicho hata bila tangazo.