Mshahara ni uleule, kwa nini unanunua vitu vichache?

Kuanzia Julai 2022 hadi Juni 2025, kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma Tanzania kilikuwa Sh370,000 kwa mwezi. Namba haikubadilika, ila uwezo wake wa kununua ulishuka.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Sh370,000 inayosomeka kwenye hati ya mshahara ni thamani kwa bei za wakati husika, yaani hela kama ilivyohesabiwa siku hiyo. Thamani halisi ni ile inayobaki baada ya kuondoa kupanda kwa bei.

Tupige hesabu. Chukulia bei za mwaka 2022 ni 100. Kwa takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), mfumuko wa bei ulikuwa wastani wa asilimia 3.8 mwaka 2023, hivyo 100 ikawa 103.8. Mwaka 2024 ukawa asilimia 3.1, tukafika 107.

Sasa gawa mshahara kwa 107, kisha zidisha kwa 100. Unapata kama Sh345,800. Maana yake, mwaka 2024 ile Sh370,000 ilinunua vitu ambavyo mwaka 2022 vingegharimu Sh345,800. Zaidi ya Sh24,000 zimeyeyuka kila mwezi bila mtu kukatwa hata senti.

Mei Mosi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza nyongeza ya asilimia 35.1, mshahara ukapanda hadi Sh500,000 kuanzia Julai. Ukiipima kwa bei za 2022, hiyo laki tano ni kama Sh467,300. Nyongeza halisi inakuwa karibu asilimia 26, na hapo bei za 2025 hatujazigusa. Bado ni kubwa, lakini siyo 35.

Ripoti za Pato la Taifa nazo ziko hivyohivyo. Utakuta jedwali la "bei za miaka husika" na jingine la "bei za mwaka 2015". La kwanza linaweza kukua kwa sababu tu bei zimepanda, hata kama uzalishaji haujaongezeka. Ukisikia uchumi umekua kwa asilimia fulani, kwa kawaida hesabu imetoka kwenye la pili. Mtu akikutajia matrilioni ya mwaka huu na ya miaka kumi iliyopita, muulize kwanza: kwa bei za mwaka gani?

Kuna kasoro moja. Mfumuko wa bei ni wastani wa kikapu cha bidhaa na huduma za kaya nchi nzima. Kama kipato chako kikubwa kinaishia kwenye unga, mchele na kodi ya chumba, na hivyo ndivyo vilivyopanda zaidi, thamani halisi ya mshahara wako imeshuka kuliko hesabu inavyoonyesha.