Kiini cha Valvu Kilichogoma

Asubuhi moja mjini Tanga nililikuta tairi la mbele la gari langu limelegea. Kipimo kilisoma paundi 24, wakati kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinataka 32. Nilijaza upepo, lakini kesho yake kipimo kilirudi pale pale. Nilizungusha tairi lote kutafuta msumari au mkato, sikuona kitu. Mwishowe nililowesha kidole kwa mate na kupaka mdomoni mwa valvu. Povu dogo likavimba, likapasuka, likavimba tena. Upepo ulikuwa unatokea kwenye valvu yenyewe.

Kazi ya kubadilisha kiini cha valvu kwa kawaida haichukui dakika tano. Unakifungua kwa ufunguo wake mdogo wenye meno mawili, unaweka kipya. Changu hakikusogea. Valvu ilikuwa imekaa muda mrefu bila kifuniko, ikila chumvi ya hewa ya baharini na vumbi la barabarani, na juu ya kiini palikuwa na ganda jeupe kama chokaa. Nilitaka kuongeza nguvu. Fundi wa tairi wa Ngamiani niliyempelekea gari akanishika mkono. "Ndugu yangu, ukivunja hayo masikio, kazi ya dakika tano inakuwa ya nusu siku."

Ili kuona kwa nini alisema hivyo, tuitazame valvu yenyewe. Kuna shingo, yaani kile kibomba kinachochomoza kwenye ringi. Ndani ya shingo kuna kiini, kijitu chembamba kilichofungwa kwa nyuzi kama skrubu. Kichwani kina mabega mawili yaliyobapa, ambayo ndiyo masikio aliyoyataja fundi, na ufunguo hushika hapo. Katikati yake hupita pini yenye springi. Upepo huzuiwa mahali pawili: pete laini inayozunguka mwili wa kiini na kukaa kwenye shingo, na kizibo kidogo chini ya pini kinachovutwa juu na springi. Muundo huu ulipewa hataza mwaka 1893 kwa jina la Schrader wa New York, na haujabadilika sana tangu hapo. Kiini cha gari, cha pikipiki na cha baiskeli nyingi zenye valvu nene huingiliana. Ukikwama njiani, kiini cha tairi la akiba kinaweza kukutoa.

Kinachokigandisha kiini mara nyingi si kutu ya kawaida. Ringi yangu ni ya alumini na shingo zake ni za alumini pia, lakini kiini kilikuwa cha shaba ya njano. Metali hizi mbili zikigusana penye maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yao na alumini huliwa. Lile ganda jeupe ni alumini iliyooza, nayo hujaa kwenye nyuzi na kuzikaza kama saruji. Shingo za mpira, ambazo ndani zina kibomba cha shaba, hazipati shida hii kwa kiwango hicho. Hizo zina ugonjwa wao, nitaufikia.

Jambo la kwanza alilofanya fundi lilikuwa kupiga jeki, kabla hajagusa valvu. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kama kukosea kidogo kutakugharimu. Tairi lisilo na tyubu hubaki limebanana na ringi kwa sababu upepo unasukuma kingo zake mbili kwenye bega la ringi. Upepo ukiisha huku uzito wa gari uko juu yake, kingo hizo zinaweza kuachia, na hapo pampu ya mkono au ya kuchomeka kwenye gari haifui dafu, kwani upepo unaoingia unatoka pembeni kabla haujalivimbisha tairi. Lakini likiwa limening'inia hewani, tairi la gari dogo kwa kawaida hubaki mahali pake hata likifika sifuri. Unalijaza tena bila matata. Kwa hiyo hofu ya kupoteza upepo wote hupungua sana mara tu gurudumu linapoachana na ardhi.

Kisha aliligeuza gurudumu mpaka valvu ikawa chini kabisa. Pale mdomo wa shingo unaelekea juu, upande wa kitovu cha gurudumu, na tone la mafuta linatuama ndani badala ya kumwagika. Alikwangua lile ganda kwa mswaki mkavu na ncha ya sindano, akadondosha matone mawili matatu ya mafuta ya kulegeza kutu, akafuta yaliyomwagikia nje, akaniambia tukale. Mafuta hayo hayapaswi kulowesha shingo ya mpira kwa muda mrefu, maana huvimbisha mpira na kuulainisha. Kwenye shingo ya metali hakuna wasiwasi huo.

Tuliporudi baada ya saa moja hivi, alibonyeza pini na kupunguza upepo mpaka kipimo kikasoma 15. Alieleza kuwa pini iliyojaa uchafu ikibonyezwa inaweza isirudi juu, tairi likaendelea kutoa upepo lenyewe, ndiyo maana haibonyezwi mpaka jeki iwe tayari. Na kwa nini 15? Presha hiyo inatosha kuzishika kingo za tairi, lakini haitoshi kukitupa kiini au kukuzuia kuingiza kingine. Hesabu yake ni rahisi. Paundi 15 kwa inchi ya mraba ni karibu kilo moja kwa sentimeta ya mraba, na tundu la shingo lina upana wa milimita tano tu. Upepo unakisukuma kiini kwa nguvu ya gramu 200 hivi, kama uzito wa embe dogo. Kidole kinaimudu.

Baada ya hapo alichomeka ufunguo wima, akausukumia ndani ili meno yakae sawa kwenye masikio, na badala ya kufungua akakaza kidogo, kama upana wa unywele. Kukaza kidogo kunapasua ganda lililo kwenye nyuzi bila kuelemea masikio upande mmoja. Akarudi kushoto, akakaza tena, akarudi. Mara ya nne au ya tano kikasogea, na papo hapo tukasikia mlio mwembamba.

Mlio ule ni ishara ya kuishika vizuri. Kiini kikizunguka mzunguko mmoja tu, pete yake huachana na shingo na upepo huanza kupenya pembeni, lakini nyuzi bado zimekishika. Hakiwezi kuruka. Hapo una bomba mkononi: ukifungua zaidi upepo unatoka kwa wingi, ukikaza unapungua. Anayetaka kushusha presha polepole anaweza kusimama pale pale, bila kukitoa kiini kabisa. Hatari huja nyuzi za mwisho zinapoachia, kwa hiyo uso usiwe mbele ya valvu.

Fundi alikuwa na kiini kipya tayari kati ya vidole vya mkono wa kushoto. Alizungusha mizunguko ya mwisho haraka, cha zamani kikatoka na ufunguo, akaziba tundu kwa kidole gumba, akatelezesha kipya chini ya gumba na kukifunga. Kipimo kilisoma 9. Tairi halikuachia popote.

Kuna kifaa kinachofanya kazi hii kwa utulivu zaidi. Ni kibomba kinachofungwa juu ya nyuzi za nje za shingo, chenye fimbo ndani na koki ubavuni. Fimbo inafungua kiini na kukivuta mpaka ndani ya kibomba, unafunga koki, unabadilisha kiini, unafungua koki na kukirudisha. Upepo hautoki ila ule uliojaza kibomba. Hutumika zaidi kwa matairi makubwa ya mashine na trekta. Kwa tairi la trekta lililotiwa maji ili liwe zito, valvu igeuzwe juu kabisa kabla ya kuifungua, itoke hewa badala ya maji.

Masikio yakivunjika, usichukue drili. Chembe za metali zitaingia ndani, na kiini kilichobaki kimesukumwa na upepo kinaweza kukurukia. Shusha upepo wote kwanza kwa kubonyeza pini kwa msumari mwembamba, gurudumu likiwa juu ya jeki. Baada ya hapo karakana yenye kitoa skrubu cha nyuzi za kinyume inaweza kujaribu kukinyofoa. Ganda likiwa limeshaila alumini, mimi nashauri shingo nzima ibadilishwe. Kuing'ang'ania ni kupoteza muda.

Na hapa niseme wazi: shingo yenyewe haibadilishwi huku tairi likiwa na upepo. Shingo ya mpira iliyochakaa utaijua kwa kuipinda taratibu na kutazama shina lake. Ukiona nyufa, au ukisikia mlio unaobadilika kadiri unavyoipinda, imekwisha. Usiikate wala kuivuta. Funga kifuniko cha metali chenye pete ya mpira ndani kama uvujaji uko kwenye kiini, lakini kama uko kwenye shina kifuniko hakisaidii kitu, weka tairi la akiba. Kazi ya fundi itakuwa kushusha upepo kupitia kiini, kuushusha ukingo wa nje wa tairi upande wa valvu tu, kukata shingo kuukuu kwa ndani na kuvuta mpya iliyopakwa maji ya sabuni mpaka ikae kwenye tundu. Tairi halihitaji kutoka lote kwenye ringi.

Yote haya ni ya gari dogo. Tairi la lori lenye paundi 120 hukisukuma kiini kwa zaidi ya kilo moja na nusu, na kinatoka kama risasi. Huko hakuna kuziba kwa gumba. Upepo unashushwa wote, kiini kinatolewa, na waya mwembamba unapitishwa kwenye valvu kuhakikisha haijaziba, kabla nati yoyote ya gurudumu haijaguswa. Ringi za vipande zenye pete ya chuma zimeua mafundi waliolegeza nati huku ndani mna upepo.

Kiini nilichowekewa ni cheupe, kimepakwa nikeli, kwa sababu nikeli haigombani na alumini kama shaba tupu. Kilikazwa kwa nguvu ya vidole viwili, basi. Tulijaza mpaka 32, tukapaka sabuni, hapakuwa na povu. Juu yake nikafunga kifuniko cha plastiki, maana cha metali nacho huganda kwenye shingo ya alumini. Wiki mbili baadaye kipimo kilisoma 32.