Mabano yanayolala hadi zamu yao ifike

Mwaka 1919 Mwingereza W. H. Macaulay alionyesha namna ya kuandika momenti ya boriti nzima kwa mstari mmoja.

Chukua boriti ya mita 6 iliyoegemea ncha zote mbili. Mita 1 kutoka kushoto kuna momenti ya kuizungusha, kNm 6, kwa mwelekeo wa saa. Mita 2, mzigo wa kN 12. Kati ya mita 3 na 5, mzigo uliotandazwa wa kN 6 kwa mita. Egemeo la kushoto linasukuma juu kN 11.

M = 11x + 6⟨x−1⟩⁰ − 12⟨x−2⟩ − 3⟨x−3⟩² + 3⟨x−5⟩²

Kabla x haijafika kwenye mzigo, bano lake huhesabiwa sifuri. Kila bano huintegrishwa zima, bila kufunguliwa, ndiyo maana zinabaki konstanti 2 za kutafuta; kwa vipande 5 zingekuwa 10.

Wengi hukosea kwenye istilahi ya mwisho. Bano la mita 3 likishaamka halilali tena, kwa hiyo tunatandaza mzigo hadi mwisho kisha tunaufuta kuanzia mita 5. Weka x = 6: M lazima iwe sifuri. Ukipata −3, umesahau kufuta.