Mstari Kati ya Swichi na Swichi

Ukipewa mchoro wa mtandao wa shule, usianze na picha za kompyuta. Tazama mistari inayounganisha swichi na swichi. Kama mstari haukuandikwa namba za VLAN zinazopita humo, mchoro huo hautamfaa fundi siku mtandao utakapogoma.

Tuchukue shule ya sekondari yenye jengo la utawala na maabara mbili za kompyuta. Ofisi zimepewa VLAN 10, maabara ya kwanza 20, ya pili 30. Kila VLAN ni mtandao unaojitegemea, hata pale kompyuta za mitandao miwili zinapochomekwa kwenye swichi moja. Ndiyo maana mtunza stoo, ambaye chumba chake kimo ndani ya jengo la maabara ya pili, anahesabiwa kuwa mtu wa ofisi. Kebo yake inaingia kwenye swichi ya maabara, ila porti yake imewekwa VLAN 10.

Kutoka swichi hiyo hadi swichi kuu ya utawala inakwenda kebo moja tu, nayo inabeba VLAN 10 na 30 kwa pamoja. Mafundi wanaiita tranki. Zisichanganyike vipi? Swichi hubandika kila fremu lebo ya baiti 4 yenye namba ya VLAN, kwa utaratibu wa 802.1Q, kama mizigo ya basi la mikoani inavyoandikwa jina la kila mwenye mali. Swichi ya upande wa pili husoma lebo na kuibandua kabla ya kuipeleka fremu kwenye kompyuta.

Sasa tuseme asubuhi moja maabara ya pili nzima haina intaneti. Kompyuta zinaonana zenyewe kwa zenyewe, lakini anwani zake zinaanza na 169.254. Kompyuta hujipa anwani ya namna hiyo inapoomba kwa ruta isijibiwe. Fundi mwenye haraka atakimbilia kubadilisha kebo ya tranki. Lakini kompyuta ya mtunza stoo inafanya kazi, na inapitia kebo hiyohiyo. Basi kebo ni nzima; kinachokwama ni VLAN 30 peke yake.

Kwenye swichi za Cisco, amri `show interfaces trunk` huonyesha VLAN zinazoruhusiwa katika kila tranki. Hapa swichi kuu inaonyesha 10 pekee kwenye porti iendayo maabara ya pili. Aliyeiweka alisahau 30. Dawa ni mstari mmoja, ukiandikwa ndani ya porti hiyo:

```
switchport trunk allowed vlan add 30
```

Neno `add` lisikosekane. Ukiliacha, swichi itafuta orodha ya zamani na kubakiza 30 tu. Maabara itapona, na papo hapo mtunza stoo atakatika.

Hadi hapo mitandao imetengana, lakini haizungumzi. Kazi hiyo ni ya ruta. Kebo moja kutoka swichi kuu inaingia kwenye ruta, nayo ni tranki inayobeba VLAN zote tatu. Ndani ya ruta porti hiyo hugawanywa kuwa vijiporti, kimoja kwa kila VLAN:

```
interface GigabitEthernet0/0.30
 encapsulation dot1Q 30
 ip address 192.168.30.1 255.255.255.0
```

Anwani hiyo ndiyo lango la kila kompyuta ya maabara ya pili. Faili likitoka ofisini kwenda maabara, linapanda hadi ruta na kushuka tena kwa kebo ileile, kwa hiyo shule yenye mafaili makubwa hununua swichi kuu inayoweza kufanya kazi ya ruta yenyewe.

Wengi hudhani VLAN peke yake inamzuia mwanafunzi asifike kwenye kompyuta ya mhasibu. Haimzuii. Ruta ikishapewa vijiporti hivyo vyote, inapitisha mzigo popote mpaka uiambie vinginevyo:

```
ip access-list extended MAABARA
 permit tcp any 192.168.10.0 0.0.0.255 established
 deny ip any 192.168.10.0 0.0.0.255
 permit ip any any
```

Orodha hiyo inafungwa kwenye vijiporti vya 20 na 30, upande wa kuingilia ruta. Mstari wa `deny` unaziba njia ya kwenda ofisini. Ule wa juu yake unaruhusu majibu tu, ili mwalimu aliyeko ofisini aweze kufungua folda iliyoko maabara. Ukiukosa, ombi lake litafika na jibu litazuiwa mlangoni. Hata ukiwepo, akijaribu `ping` kutoka ofisini hatajibiwa, kwa sababu jibu la `ping` si TCP. Maneno hayo yaandikwe kando ya ruta kwenye mchoro, asije fundi mwingine akatangaza kuwa maabara imekufa.